Mrejesho: fildi yangu ya uhasibu, Chake Chake

Nilichouliza: “Niko fildi wiki ya pili. Mikono inatetemeka, nahisi nimewadanganya walionipokea. Nifanyeje?”

Asalaam alaykum jamani. Siku hizi nikikwama dakika 20, namwendea dada mhasibu na daftari linaloonesha nilichokwisha jaribu. Juzi kitabu cha fedha na taarifa ya benki vilipishana shilingi 2,700. Zamani ningejificha chooni (kweli!). Akaniambia tofauti ikigawanyika kwa 9, mara nyingi kuna tarakimu zimepinduliwa. Nikapekua, nikakuta 85,200 imeandikwa 82,500. Tena mwandiko wake mwenyewe! Akacheka, akakata mstari, akaandika sahihi na kutia saini. Miaka yote hiyo kazini, naye hukosea. Kwa meneja bado natetemeka.