Kurasa 12 zimegeuka 35 kwenye ankara ya mfasiri!

Mlipaji_Mchungu
Wakuu, nimeshindwa hata kula. Nilikuwa na ripoti ya Kiingereza ya kurasa 12, nikaitaka kwa Kiswahili. Mfasiri akaniambia anatoza kwa ukurasa, nikaikubali bei yake bila kulialia. Leo ankara imeingia: kurasa 35. Thelathini na tano!

Ripoti yenyewe kaandika kurasa 19. Siku zilizofuata nilimtumia maelezo matatu ya picha, kila moja kwa siku yake, maneno kama 40 tu. Kila moja katoza ukurasa mzima, eti ndicho kima chake cha chini. Hapo 22. Juu yake asilimia 50 ya haraka kwa kuwa ripoti niliitaka kwa siku moja, zikaongezeka 11. Mwisho kurasa 2 za marekebisho, maneno 500, wakati tulikubaliana awamu moja ni bure! Huu si wizi?

Kalamu_Fupi
Ukurasa ni ukurasa. Faili inasema 12, lipa 12. Mwisho wa habari.

Bi_Vyeti
Mimi cheti changu kilikuwa na maneno 80, nikatozwa kima cha chini hivyo hivyo. Nilinuna wiki nzima. Lakini kumbe alikuwa amekichora upya chote, mpaka maandishi ya ndani ya muhuri kayafasiri.

Mkongwe_wa_Tafsiri
Kalamu_Fupi, hapo umepotosha. Ukipunguza saizi ya herufi, kurasa 12 zinakuwa 8, na kazi ni ile ile. Ndiyo maana wafasiri wengi hutoza kwa neno, na anayetoza kwa ukurasa huweka kipimo chake, mara nyingi maneno 250. Mlipaji, ripoti ina maneno mangapi? Na barua ya bei ilisemaje?

Mlipaji_Mchungu
Maneno 4,750. Na ndiyo, chini kabisa ya barua kumeandikwa "ukurasa = maneno 250 ya matini chanzi". Sikufika huko chini.

Mkongwe_wa_Tafsiri
Basi 19 ni halali, gawanya mwenyewe. Haraka nayo siipingi: mfasiri makini humaliza maneno 2,000 hadi 2,500 kwa siku, wewe umemtaka karibu mara mbili, bila shaka amekesha. Ninachopinga ni kuipandisha juu ya yale maelezo ya picha. Hayo uliyataka haraka?

Mlipaji_Mchungu
Hapana, nilimwambia akipata nafasi.

Mkongwe_wa_Tafsiri
Basi nyongeza ni nusu ya 19, yaani 9.5, si 11. Hapo kakuzidishia ukurasa mmoja na nusu. Vile vima vya chini vitatu, ungetuma maelezo yote pamoja ungelipa kimoja. Uliyatuma kwa mafungu, ni juu yako, ingawa kuomba si vibaya.

Tafsiri_Chapchap
Mkuu kama unatafuta mfasiri wa bei poa njoo faragha. Kifaransa pia nafanya.

Mlipaji_Mchungu
Nani katafuta mfasiri hapa jamani?

Sauti_ya_Mteja
Mbona hamlisemi la muhimu? Tafsiri ya Kiswahili huwa na maneno machache. "I will tell you" ni manne, "nitakuambia" ni moja. Angehesabu alichoandika yeye!

Mkongwe_wa_Tafsiri
Kweli yanapungua, lakini hesabu ya chanzi unaijua kabla kazi haijaanza, na hakuna wa kurefusha sentensi ili alipwe zaidi. Najua wenzangu wengine hawakubali. Hapa waliandikiana chanzi, basi. Mimi nataka kujua hayo marekebisho yalikuwa nini.

Mlipaji_Mchungu
Kama nusu ni aya niliyoiandika upya baada ya bosi kubadili mawazo. Nusu nyingine ni tanbihi. Alizisahau zote, nikamrudishia.

Mkongwe_wa_Tafsiri
Aya mpya si marekebisho, ni kazi mpya, lipa. Tanbihi ni makosa yake, na huenda umeshazilipia. Fungua ripoti ya Kiingereza kwenye Word, nenda Review, kisha Word Count, uone kisanduku cha "Include textboxes, footnotes and endnotes". Hesabu kikiwa na tiki, kisha bila tiki.

Mlipaji_Mchungu
Na tiki: 4,750. Bila tiki: 4,510. Yaani tanbihi maneno 240 zilikuwa ndani ya zile kurasa 19 tangu mwanzo, akaziruka, halafu akanitoza tena kuzifasiri!

Kalamu_Fupi
Basi huyo ni mwizi kweli.

Mkongwe_wa_Tafsiri
Au kapitiwa na usingizi, usiku ule. Mwandikie hayo mawili tu, haraka iliyozidi na tanbihi, umtumie na picha ya hizo hesabu. Ile ya kurasa 12 usiiguse, atakuonyesha barua yake.

Mlipaji_Mchungu
Naandika sasa. Ila vile vima vya chini vitatu bado vinaniuma.