Ulinganisho: bima ya ujenzi kwa maduka na fleti Fuoni. Inaanza lini, inakatika lini?

Mwenyejengo_Fuoni
Assalaam alaykum wenzangu. Nataka kujenga Fuoni maduka manne chini na fleti mbili juu. Kwa makadirio, kazi nzima na vifaa vyake ni shilingi milioni 240. Msingi tunachimba katikati ya mwezi wa pili, na mkandarasi ameahidi kumaliza ndani ya miezi 12. Maduka ya chini nataka yapangishwe mwezi wa tisa, wakati juu bado wanapiga plasta na kumalizia roshani.

Nimeletewa njia tatu. Ya kwanza ni bima ya hatari zote za ujenzi kwa mradi huu peke yake, miezi 12, jina langu na la mkandarasi yamo, bila ya kipindi cha matazamio, yaani ule muda baada ya makabidhiano ambao mkandarasi bado anawajibika kurudi kurekebisha kasoro. Ya pili ni hiyo hiyo na miezi 6 ya matazamio juu yake, ghali kidogo. Ya tatu mkandarasi anasema nisilipe kitu, kwa sababu yeye ana bima ya mwaka mzima inayofunika kazi zake zote. Nichukue ipi, na kila moja inaanza na kuisha siku gani hasa?

Kibweni71
Ndugu yangu, usijisumbue. Bima inaanza tarehe iliyoandikwa kwenye hati na inaisha tarehe iliyoandikwa kwenye hati. Chukua ya kwanza, miezi 12 inakutosha.

Mkadiriaji_Vuga
Kibweni71, hiyo ni nusu ya jibu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaumiza watu. Tarehe za kwenye hati ni uzio wa nje tu. Ndani ya uzio huo yapo mambo yanayoifungua bima na yanayoifunga.

Upande wa kuanza: kinga inashika pale kazi inapoanza saiti, au pale vifaa vilivyomo kwenye hati vinapokwisha kushushwa saiti. Kwa hiyo nondo zilizo kwenye jahazi kutoka Dar hazimo. Zikiwa kwenye lori kutoka Malindi kwenda Fuoni, bado hazimo. Safari hiyo inataka bima ya mizigo. Na ukizishusha kwa jirani au kwenye ghala la Mwanakwerekwe kwa sababu kiwanja chako hakina uzio, hapo si saiti mpaka pahala hapo patajwe kwenye hati na kikomo cha thamani kiwekwe. Jambo jingine la mwanzo: kama msingi umeshachimbwa kabla ya hati kutoka, kilichoharibika kabla hakilipwi, na bima watataka kuja kuangalia kwanza. Lipa ada na uishike hati kabla jembe halijagusa ardhi.

Upande wa kuisha, msikilize vizuri mwenye swali: sehemu ya jengo uliyokabidhiwa, au uliyoanza kuitumia, inatoka kwenye bima siku hiyo hiyo, hata kama hati ina miezi mitano mbele. Hakuna haja ya cheti cha makabidhiano. Mpangaji akishaingiza magunia yake ya mchele dukani, duka hilo limeanza kutumika.

Mwenyejengo_Fuoni
Kwa hiyo mwezi wa tisa maduka yangu yanabaki uchi? Na juu?

Mkadiriaji_Vuga
Juu kunabaki ndani ya bima. Nikupe mfano uone pengo lilipo. Tuseme maduka umeyapangisha tarehe 1 mwezi wa tisa. Mwishoni mwa mwezi wa kumi, mvua za vuli zimeanza, mafundi wanamwaga zege la roshani. Miti iliyohimili mbao imesimamishwa juu ya udongo uliolowa bila ya vibao chini yake, inadidimia, zege linaanguka mbele ya maduka. Hasara ni tatu.

Roshani yenyewe, yaani zege, nondo na mbao, ni kazi ambayo haijakabidhiwa, inalipwa kwenye sehemu ya kwanza ya bima. Gharama ya kurekebisha lile kosa la uhimili unaibeba mwenyewe, lakini kazi nzuri iliyoharibika kwa sababu ya kosa hilo imo. Bidhaa za mpangaji zinaingia sehemu ya pili, ile ya madhara kwa watu wengine. Sasa iko milango ya maduka, dari na vigae vya mbele, kama milioni 9. Sehemu ya kwanza inasema: maduka yameshatoka. Sehemu ya pili inasema: hii ni mali ya mwenye bima, na wewe jina lako limo kwenye hati, si mtu wa nje. Milioni 9 hizo hazina pa kukaa.

Dawa yake ni nyongeza ya hati inayofunika sehemu zilizokwisha kukabidhiwa dhidi ya uharibifu unaotokana na ujenzi unaoendelea. Iombe sasa, kabla ya kusaini. Na siku ile ile unayotoa funguo, bima ya moto ya maduka ianze, kwa sababu jiko la mpangaji likiwasha moto, hiyo nyongeza haihusiki: moto haukutoka kwenye ujenzi.

Mzee_Jangombe
Kwani asichukue hiyo bima ya moto tangu mwanzo ikamalizika? Ni rahisi zaidi. Na fanicha zake zimo?

Wakala_Darajani
Mzee wangu, shikamoo. Bima ya moto inalipa mabaya yaliyotajwa kwenye hati, na imepangwa kwa jengo lililokamilika. Zege lililoporomoka au nondo zilizoibiwa saiti usiku hazitajwi humo. Bima ya hatari zote inakwenda kinyume: kila uharibifu wa ghafla umo, ila ule uliotolewa kwa maandishi. Fanicha ni bima nyingine kabisa, ya vyombo vya ndani, na wakati wake bado.

Sasa kuhusu njia ya tatu. Muulizeni mkandarasi hiyo hati ya mwaka, msome humo mambo manne. Jina la mwenye jengo limo? Kikomo cha mradi mmoja kinafika milioni 240? Hati inaisha mwezi gani, maana kama inaisha mwezi wa sita na yeye asiihuishe, fleti zako ziko juu hewani? Na la nne ndilo zito kwetu huku: vifaa vya mwenye nyumba vimehesabiwa?

Wengi wetu tunanunua saruji, nondo na kokoto wenyewe, fundi tunampa kazi ya mikono tu. Mkataba wake unasoma milioni 80, na bima yake imeandikwa milioni 80. Bima inataka thamani kamili ya jengo likikamilika, pamoja na vifaa ulivyoleta wewe, usafiri na ushuru. Ukiwa umeandika 80 badala ya 240, umekata bima ya theluthi moja. Hasara ya milioni 30 inalipwa milioni 10, kisha eksesi, kile kiasi unachojibebea mwenyewe katika kila hasara, inakatwa humo. Bei za nondo zikipanda katikati, peleka taarifa waongeze thamani.

Binti_Wete
Samahanini kuingilia. Mimi niko Wete, najenga kidogo kidogo, kaka ananitumia fedha kutoka Maskati. Tumefika lenta, tukasimama miezi mitano. Masika ukuta mmoja umelala. Bima ninayo na tarehe yake haijafika. Watanilipa?

Mkadiriaji_Vuga
Dada yangu, pole sana. Kusimama kwa kazi ni moja ya mambo yaliyotolewa kwenye hati za aina hii, iwe kazi yote au sehemu yake. Tarehe kuwa mbele haikusaidii kama hukuwaambia na wao hawakukubali. Lakini usikate tamaa kabla ya kusoma hati yako. Kama uliwapa taarifa ya maandishi au kuna nyongeza inayoruhusu kusimama kwa siku kadhaa, zungumza nao. Na wahi: hati nyingi zinataka taarifa ya hasara ndani ya siku 14.

Kwa atakayesimamisha kazi: andika barua kabla, si baada. Wataweka masharti, na masharti yenyewe ni ya maana. Ukuta mrefu usio na lenta wala nguzo uegemezwe, vichwa vya kuta vifunikwe maji yasiingie ndani ya matofali, nondo zilizochomoza zipakwe saruji nyembamba, mitaro ya msingi ijazwe ili maji ya masika yasisimame, mlinzi awepo. Kutu ya pole pole haimo hata kazi ikiwa inaendelea.

Kibweni71
Nimefahamu, nilikosea. Basi hiyo miezi 6 ya matazamio ni ya nini kama bima inakatika siku ya makabidhiano?

Wakala_Darajani
Hapo ndipo njia ya kwanza na ya pili zinapoachana, na ya pili nayo ina sura mbili. Ile nyepesi inalipa uharibifu anaoufanya mkandarasi akirudi kutimiza wajibu wake: amekuja kubadilisha bomba la msalani, amepasua vigae na kulowesha dari ya chini. Ile pana inaongeza uharibifu unaojitokeza ndani ya matazamio lakini chanzo chake kilitokea saiti wakati wa ujenzi. Mfano, bomba la ndani ya ukuta lilipigwa msumari mwezi wa kumi na moja, likaja kupasuka mwezi wa nne. Kazi mbovu yenyewe kuirudia hailipwi katika sura zote mbili, hilo mkandarasi anawajibika kwa fedha za zuio ulizomshikia. Na moto usiotokana na ujenzi wala marekebisho hayo, au mwizi, baada ya makabidhiano havimo katika sura yoyote.

Kwa jengo lenye mabomba ya juu na maduka chini, mimi ningelipa ile pana. Na miezi ilingane na mkataba: kama matazamio ya mkataba ni 12, sita hazifai.

Mkadiriaji_Vuga
Naunga mkono. Na miezi 12 ya ujenzi ni michache. Andika 14, au weka alama kwenye kalenda wiki sita kabla ya mwisho, uombe kuongeza muda kwa maandishi. Ukiomba baada ya tarehe kupita, ni bima mpya, na kuja kukagua upya.

Mwenyejengo_Fuoni
Ahsanteni sana. Nakwenda na ya pili ya sura pana, miezi 14, thamani 240 na vifaa vyangu ndani, na ile nyongeza ya maduka. Moja limebaki: mlinzi na mkewe wanataka kulala kwenye duka la nne tangu mwezi wa saba, wapikie humo. Hilo nalo ni kuanza kutumia?

Wakala_Darajani
Kwangu mimi hapana. Mlinzi ni sehemu ya saiti, kama banda la vifaa.

Mkadiriaji_Vuga
Siafikiani nawe, ndugu. Akilala kulinda, sawa. Akiweka familia, jiko na kitanda, mkaguzi wa hasara anaweza kuandika kuwa chumba kinakaliwa, na moto ukianzia kwenye jiko hilo mabishano yatakuwa marefu.

Mwenyejengo_Fuoni
Basi nitawaandikia bima swali hilo hilo, na jibu lao nilipate kwa barua kabla ya mwezi wa saba. Wakinijibu nitaliweka hapa.