Tupeane uzoefu: CV imeshatumwa ndipo unaona kosa, ulifanyaje?

Kibanda cha Mbagala
Wakuu, naanza na langu. Jumapili usiku nilituma maombi ya uhasibu msaidizi kwa barua pepe. Jumanne nikaifungua CV ili nimtumie rafiki, nikaona namba ya simu imeandikwa 47 pahali pa 74. Mwisho wa kupokea maombi ilikuwa Ijumaa. Niliipigia ile namba, akapokea mzee mmoja muuza samaki huko Kilwa. Nikamweleza, nikamwomba akipigiwa na mtu anayenitafuta aseme tu namba imekosewa. Akaniambia, "Mwanangu, jana kuna dada kakuulizia, nikamjibu simjui mtu huyo." Mwili ulinisisimka. Sikujua kama ni wale waajiri au mtu mwingine. Wengine mlitokaje kwenye hali kama hii?

Shangazi Tumaini
Mwanangu, tuma maombi yote upya. Ya pili yakifika, ya kwanza yanajifuta.

Masijala
Shangazi, samahani, hayajifuti. Nimekaa miaka sita ofisi ya utumishi ya kampuni binafsi, nawaeleza tulivyokuwa tukifanya. Maombi yakiingia, mtu anapakua viambatisho na kuviweka kwenye folda moja, halafu anajaza jedwali la Excel: jina, simu, elimu, miaka ya kazi. Wanaoita watu kwenye usaili wanasoma jedwali, CV hawaifungui tena. Ukituma upya kama mtu mpya unaonekana mara mbili, na anayepiga simu anaweza kuchukua mstari wenye namba mbovu.

Kibanda, fungua ile barua pepe uliyotuma na ujibu humo humo, ili ya pili ikae chini ya ya kwanza. Kwenye kichwa ongeza "Marekebisho ya namba ya simu", ukiacha jina la nafasi lilivyo. Ndani sentensi tatu zinatosha: niliomba nafasi fulani tarehe fulani, namba iliyo kwenye CV ni hii, iliyo sahihi ni hii. Iandike namba hapo hapo kwenye barua pepe, maana mwenye jedwali anaweza kuisahihisha bila kufungua faili. Kisha ambatisha PDF mpya yenye jina tofauti na la mwanzo. Kagua na barua ya maombi, mara nyingi namba ile ile mbovu imenakiliwa huko.

Na usiguse kitu kingine. Niliwahi kupokea "marekebisho ya simu" ambayo ndani yake yameongezwa mafunzo mawili. Tuliziweka CV mbili pamoja, tukaanza kuhoji kila mstari.

Dereva wa Tandika
Mimi laini yangu ilifungwa baada ya kupoteza simu, nikaenda kwa wakala na namba ya NIDA nikarudishiwa. Fanya hivyo.

Kibanda cha Mbagala
Asante kaka, ila laini yangu ni nzima. Kosa liko kwenye maandishi.

Binti Korogwe
Kwa serikalini mbona rahisi? Unaingia Ajira Portal, unabadilisha namba, basi.

Masijala
Kwenye akaunti sawa, dada. Lakini barua uliyoisaini na kuipandisha haibadiliki yenyewe. Nafuu ya huko ni kwamba majina ya wanaoitwa kwenye usaili hutangazwa kwenye tovuti, kwa hiyo hutegemei simu peke yake.

Mwalimu Nachingwea
Langu lilikuwa tarehe. Niliandika nimefanya kazi shule moja hadi Desemba 2021, kumbe mkataba uliisha Septemba. Nilikuwa nimeandika kwa kukumbuka tu. Kabla ya kurekebisha nilichukua taarifa ya michango yangu ya NSSF, nikaona mchango wa mwisho ni wa Septemba, na cheti cha utumishi kikasema vivyo hivyo. Nikawaandikia, nikaambatisha cheti. Kwenye usaili waliuliza miezi ile mitatu nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa nyumbani namuuguza mama. Wakaandika, wakaendelea.

Binti Korogwe
Mimi ningenyamaza. Miezi mitatu nani ataiona?

Masijala
Anayempigia mwajiri wako wa zamani ataiona. Na tangazo lililotaka uzoefu wa miaka 3 linaweza kukuacha nje kwa miezi hiyo hiyo. Ila nakiri, kama usaili ni kesho, sina hakika kama barua pepe itasomwa. Mimi ningebeba nakala iliyosahihishwa mkononi na kuitaja kabla hawajauliza.

Mwalimu Nachingwea
Hapo tunatofautiana kidogo. Mimi ningeandika hata kama ni usiku, ili tarehe ya barua pepe ionyeshe nilisema mwenyewe.

Kibanda cha Mbagala
Nimetuma saa nne asubuhi, kwenye barua pepe ile ile. Saa nane wamejibu neno moja: "Imepokelewa." Mzee wa Kilwa naye nimemtumia namba yangu sahihi, kasema ameiandika ukutani bandani kwake, yule dada akirudia atampa.