Shafti ya kinu cha posho inakatika kila baada ya siku 4, nisaidieni

MamaUnga_Njoro:
Hamjambo wanajamvi. Niko Njoro, Nakuru, nina kinu cha kusaga mahindi. Kinatumia injini ya dizeli na mkanda, na kinazunguka kama mara 2,800 kwa dakika. Mwezi huu shafti 3 zimekatika, kila moja baada ya siku 4 kamili. Zinakatikia pale pale, kando ya beringi ya upande wa puli. Nimeshampa muuza vyuma nusu ya bei ya ekseli ya lori, kwa sababu naambiwa chuma chake ni kigumu. Je, nimalizie malipo? Wateja wanahamia kwa jirani.

Bwana_Mkia:
Jirani huyo ana kijicho. Anza hapo.

Kabras_Miwa:
Pole mama. Mimi nina kinu cha miwa cha sukari nguru huku Malava. Shafti yangu ilikatika baada ya miezi 4, ikiwa ya chuma cha kawaida tu. Kwa hivyo shida si chuma, shida ni kwamba siku hizi mahindi yanaletwa na mawe. Nunua chekeche. Mimi nilikuwa na mfanyakazi aliyekuwa akiingiza miwa na udongo wake, nikamfukuza, na hadi leo anadai mshahara.

Mkerezaji:
Kabras, kinu chako kinazunguka mara ngapi kwa dakika?

Kabras_Miwa:
Rola zinatembea polepole, kama mara 15.

Mkerezaji:
Basi kwa saa 10 unapata mizunguko 9,000 kwa siku. Miezi 4 yako ni kama milioni 1. Mama Unga akisaga saa 6 anafika milioni 1 siku hiyo hiyo kabla ya jua kutua. Shafti inayovutwa na mkanda upande mmoja hupinda kila inapozunguka: upande wa juu unavutwa, nusu mzunguko baadaye unabanwa. Hesabu mizunguko, msihesabu siku. Kwa mizunguko, shafti yako ndiyo iliyokufa mapema.

Mama, una vipande? Tazama uso uliokatika, uniambie unaona nini.

MamaUnga_Njoro:
Pembeni pamelainika, kuna mistari ya duara kama ya gome la kombe. Katikati pana doa la kukwaruza, kama kifungo cha shati.

Mkerezaji:
Ufa ulianzia nje ukatambaa ndani taratibu, na hiyo mistari ndiyo hatua zake. Doa la katikati ndilo lililobaki likibeba mzigo hadi likashindwa. Likiwa dogo hivyo, mzigo haukuwa mkubwa. Shafti ingekuwa dhaifu kwa mkanda wako, doa lingekuwa pana, pengine nusu ya uso. Kwa hivyo usikimbilie chuma kigumu. Kitu fulani kwenye ngozi ya shafti ndicho kinachouanzisha ufa.

Dada_Hesabu:
Samahani, mimi siamini kisa hiki. Chuma hakichoki kwa saa ya ukutani. Ukitengeneza shafti 10 zinazofanana na kuzizungusha kwa mzigo mmoja, moja itakufa milioni 2, nyingine milioni 6, nyingine zaidi. Tatu kukatika siku ya 4 kamili? Huyu ni mwanafunzi anaandikiwa kazi ya darasani.

Bwana_Mkia:
Mwalimu ametoa zoezi, wazee tunalifanya bure 😂

Njoro_Kijana:
Hata mimi nilijiuliza. Vinu vya huku kwetu vingi vinatumia stima.

MamaUnga_Njoro:
Stima hukatika kuliko shafti, ndiyo maana nina dizeli. Na sawa, nilirahisisha. Ya kwanza siku 3, ya pili 4, ya tatu 9. Mmefurahi?

Dada_Hesabu:
Hapo sasa nakuamini kidogo. Na ile ya kwanza kabisa, iliyokuja na kinu, ilidumu siku ngapi?

MamaUnga_Njoro:
Miaka 6.

Mkerezaji:
Miaka 6! Hiyo ni zaidi ya mizunguko bilioni 1. Nini kilibadilika?

MamaUnga_Njoro:
Beringi ilikula shafti, ikaanza kucheza. Tulijaza kwa welding tukakereza upya. Hizo mbili zingine zilikuwa za mtumba, nyembamba kidogo, nazo zikajazwa. Aliyejaza ni mdogo wangu wa tumbo moja, ana kibanda cha welding, na kazi yake ni safi. Sikutaka mumseme.

Mzee_wa_Busara:
Biashara na ndugu ni moto na petroli. Lipa fundi wa mbali.

Mkerezaji:
Simsemi, lakini hapo ndipo penye ugonjwa. Nikikadiria mkanda unavuta kama kilo 400, na puli iko milimita 150 kutoka beringi, shafti ya milimita 40 inapata mkazo wa kupinda kama megapaskali 95. Chuma cha kawaida chenye nguvu ya 440 hustahimili nusu yake, 220, kikiwa kijiti chembamba kilichong'arishwa. Ondoa unene na alama za kukereza, unabaki na kama 165. Chini ya hapo chuma kinaweza kuzunguka bila mwisho, na ndivyo miaka 6 ilivyopita.

Sasa welding ikipoa hunywea, na chuma baridi kinachoizunguka kinaizuia. Ngozi inabaki imevutwa hata kinu kikiwa kimezimwa. Tuseme imevutwa kwa 200: kile kikomo cha 165 kinashuka hadi kama 90. Nawe unaipinda kwa 95 juu ya mvuto huo. Ongeza kona kali kando ya beringi, inayoweza kuuzidisha mkazo mara 2 mahali hapo. Kuikereza juu kunaipendezesha tu, mvuto unabaki ndani.

Njoro_Kijana:
Basi ekseli ya lori si ingeshinda hayo yote? Nguvu yake inafika 900.

Mkerezaji:
Ukiiacha na ngozi yake nyeusi ya kufuliwa, haishindi. Ngozi hiyo ina magamba na vijishimo, na chuma kigumu huumizwa nayo zaidi. Laini cha 440 na kigumu cha 900, vikiwa na ngozi ya kufuliwa, vyote huishia karibu 140. Ndicho alichokuwa akikitafuta Mjerumani August Wöhler kwa ekseli za treni miaka ya 1850 na 1860: mkazo ambao ekseli inaweza kurudiwa nao bila kukatika.

Dada_Hesabu:
Hapo nakupinga kidogo. Akiikereza ngozi yote na kuing'arisha, ugumu unamfaidi.

Mkerezaji:
Akiikereza yote, ndiyo. Ila mkwaruzo mmoja wa kuzunguka unaiumiza ngumu kuliko laini. Amalizie kwa msasa laini akisugua kwa urefu. Na kona iwe ya mviringo, ingawa ikizidi mviringo wa beringi yenyewe, beringi haitakaa. Hapo weka pete iliyochongwa ukingo kati ya kona na beringi.

MamaUnga_Njoro:
Nimerudi kwa muuza vyuma. Pesa harudishi. Ekseli ina milimita 46, kwa hivyo ikikerezwa hadi 40 ngozi yote itatoka, sivyo? Na welding hakuna.

Mkerezaji:
Itatoka. Nani atakereza?

MamaUnga_Njoro:
Hilo ndilo swali. Mdogo wangu ameusoma uzi huu. Amepiga simu mara 2. Sijaishika bado.