Mrejesho: shukrani za mwezi kwa wachangiaji

Niliuliza: "Nitawashukuruje wachangiaji 10 bora wa maoni wa mwezi kwa jibu la otomatiki lisiloonekana limenakiliwa?"

Asanteni wakuu, imekubali. Kubadilisha salamu tu hakutoshi. Wawili wakionyeshana ujumbe, siri imefichuka. Sasa skripti inatafuta maoni ya kila mtu yaliyojibiwa zaidi mwezi huo na kuniwekea kwenye jedwali. Pembeni naandika mwenyewe sentensi moja, mfano: "Maelezo yako ya kusafisha lenzi yaliwatoa wengi kwenye shida." Hiyo ndiyo inayofungua ujumbe. Nafasi ikiwa tupu, skripti haitumi kitu. Jumbe zinatoka kwa kupishana saa kadhaa, si kwa mpigo. Waliojaza idadi ya maoni kwa "safi sana" tupu (wapo!) nawaruka, maana sina cha kuwatajia.