Fillomino: vyumba vitatu vya chini vimegoma, naomba msaada wa haraka

Kalamu_Mbili: Wakuu habari za jioni. Nina fumbo hili la 4 kwa 4, nukta ni vyumba vitupu:

```
1 2 . 1
. 5 4 .
5 5 4 4
5 . . .
```

Juu nimeweka 2, maana ile 2 haina pengine pa kwenda. Mstari wa pili nimeweka 5 kushoto na 4 kulia. Sasa 5 zimetimia tano na 4 zimetimia nne. Vimebaki vyumba vitatu vya chini, na hakuna namba ya kukuza. Nijaze nini? Inahitajika kesho asubuhi.

BabaTausi: Fumbo bovu hilo. Kila kundi lazima lianzie kwenye namba iliyochapwa. Hapo chini hakuna namba, mchapaji kasahau.

Mama Zuu: Mbona 5 ziko mbili mstari mmoja? Mimi kwenye sudoku ningeshafuta. Mume wangu alikuwa akijaza za gazetini kwa kalamu ya wino, akikosea anasingizia wahariri.

Pembe_Nne: Mama Zuu, hii si sudoku. Namba inasema kundi lake lina vyumba vingapi, kwa hiyo 5 lazima zishikane tano. Makundi mawili ya ukubwa mmoja yasigusane ubavu, ila kona kwa kona ruksa.

BabaTausi, kundi linaruhusiwa kukosa namba yoyote iliyochapwa, hata kwenye mafumbo ya Nikoli ya Japani. Utamu wenyewe uko hapo.

Mtoa mada, ulivyojaza juu ni sawa. Ile 5 ingeshuka chini badala ya kupanda, chumba cha kushoto kingebaki peke yake, kiwe 1, na tayari kimegusana na 1 ya juu. Haikubaliki. Upande wa 4 ni vivyo hivyo. Tatizo ni pale chini: 3 3 3 inakaa, 1 2 2 inakaa, 2 2 1 inakaa. Majibu matatu. Fumbo umelitoa wapi?

Kalamu_Mbili: Nimepewa tu. Kwani chanzo kina umuhimu gani?

Pembe_Nne: Kina umuhimu mkubwa. Kama limechapwa kitabuni, huenda umenakili vibaya. Kama kuna mtu kalitunga, ndiye wa kulirekebisha.

Kalamu_Mbili: Sawa. Nimelitunga mimi, la klabu ya hisabati shuleni, na kopi zimeshatolewa. Chini katikati palikuwa na 3, nikaifuta kwa sababu iliwarahisishia mno. Msimamo wangu bado ni huo, lisiwe la kitoto. Nimeanza kuandika 2 pale katikati kwa kalamu, kopi kadhaa ziko tayari.

BabaTausi: Hapo sawa, 2 inamaliza kazi. Si nilisema namba imesahaulika?

Pembe_Nne: Haimalizi. 2 ya katikati inaweza kumshika jirani wa kushoto au wa kulia, na anayebaki anakuwa 1. Umeondoa 3 3 3 tu, majibu mawili yamebaki.

Ndimu_Kali: Ngojeni kwanza. Mtunzi gani anauliza "nijaze nini" kwenye fumbo lake? Na eti inahitajika kesho asubuhi. Huyu ni mshiriki anatafuta jibu la mashindano, na nyie mnampa bure.

Mama Zuu: Kama kuna zawadi ya pesa hapo, ni dhambi. Watoto wafundishwe kuhangaika wenyewe.

Kalamu_Mbili: Zawadi ni madaftari, mama. Niliuliza hivyo ili nione mtu mwingine atajaza nini bila kujua jibu langu. Ningekuwa mshiriki ningejuaje kuwa palikuwa na 3?

Ndimu_Kali: Kusema "palikuwa na 3" hata mimi naweza. Weka picha ya rasimu.

Pembe_Nne: Awe mtunzi au mshiriki, fumbo lina kasoro ileile. Ukirudisha 3, popote kati ya vile vitatu, jibu ni moja, lakini mtoto atainyoosha tu mpaka mwisho. Mimi ningeweka 1 kwenye kona ya kulia. Vyumba viwili vinavyobaki haviwezi kuwa 1 na 1 kwa sababu vingegusana, na hakuna kundi la jirani lenye nafasi. Ni lazima viwe 2 2, kundi ambalo mtoto atalivumbua mwenyewe. Si ulitaka lisiwe la kitoto?

Kalamu_Mbili: Na zile kopi zenye 2 katikati? Ukiongeza 1 pembeni bado jibu linakuwa 2 2 1. Ila hao watakuwa wameonyeshwa zaidi ya wenzao.

Pembe_Nne: Ndiyo, kwao lile kundi halijajificha tena. Hizo zitoe upya.

Kalamu_Mbili: Karatasi zimeisha. Nafikiria kukubali majibu yote matatu.

BabaTausi: Kubali. Kanuni za mchezo hazijasema jibu liwe moja.

Pembe_Nne: Anayefumbua anaamini kila hatua ina sababu. Ukimpa vyumba vitatu vya kubahatisha, atabaki anatafuta sababu ambayo haipo.

Ndimu_Kali: Picha ya rasimu bado tunaisubiri.