Naomba ushauri: spana ya W.-GERMANY, ni ya kweli au bandia?

Habari zenu wakuu. Nanunua spana za mtumba kwa ajili ya gereji, na hii ya pichani muuzaji anasema ni Gedore halisi. Upande mmoja inasomeka GEDORE VANADIUM, wa pili 17 na W.-GERMANY. Kama ni kweli, basi ilitengenezwa kabla Ujerumani mbili, Magharibi na Mashariki, hazijaungana mwaka 1990. Neno VANADIUM peke yake halinitoshi, maana hata spana za bei poa zinaandikwa hivyo.

Nimeisafisha kwa dizeli, nikaipiga picha mwanga ukitoka ubavuni ili herufi zionekane vizuri. Tupa inakata mdomo wake kwa shida sana, jambo linalonipa moyo. Sumaku haisaidii, inanasa nzuri na mbovu. Kinachonitia shaka ni W kukaa juu kidogo kuliko herufi nyingine, na kromu inayobanduka magamba karibu na ringi.

Naomba kujua: herufi za Gedore za zamani zimeinuka au zimezama? Na kromu kubanduka hivyo ni uzee tu, au dalili ya bandia? Nataka kuitumia kwenye boliti za breki, sitaki mdomo utanuke.